Namba ya benki iliyoandikwa na mwizi

Wasomaji, leo nina kisa cha mlango ulioachwa wazi. Google Maps iliruhusu mtu yeyote kupendekeza namba mpya ya simu ya ofisi. Mwaka 2014 Mmarekani Bryan Seely aliweka namba zake kwa jina la FBI na Secret Service. Waliopiga waliunganishwa na ofisi halisi huku akiwarekodi. Alitaka kuonyesha hatari. Mwaka 2018, Maharashtra, India, matapeli walibadilisha namba za Bank of India. Wateja walipiga wenyewe, hivyo hawakushuku kitu, wakataja namba za siri. Tumezoea kumshuku anayetupigia, si tunayempigia. Mimi hupiga namba iliyo nyuma ya kadi.