Gharama ya Fursa na Mkunjo wa Uwezekano wa Uzalishaji

Gharama ya fursa ni thamani ya chaguo bora zaidi lililoachwa pale mtu anapochagua jambo lingine. Mkunjo wa uwezekano wa uzalishaji huionyesha gharama hiyo kwa mchoro. Paul Samuelson aliueneza katika kitabu chake cha kiada cha mwaka 1948 kwa mfano wa bunduki na siagi.

Chukua zoezi la shamba moja linaloweza kutoa mahindi na maharage kwa msimu mmoja, ardhi na vibarua vikiwa vilevile. Likilimwa mahindi matupu (nukta A) hutoa magunia 100. Nukta B ni mahindi 90 na maharage 10. C ni 70 na 20. D ni 40 na 30. E ni maharage 40 bila hindi hata moja.

Mahindi huwekwa kwenye mhimili wima, maharage kwenye mhimili mlalo. Nukta zikiunganishwa, mstari unaanzia juu kushoto, unateremka taratibu, kisha unaporomoka kwa kasi hadi chini kulia. Umebenuka kwa nje.

Mbenuko huo una sababu. Kutoka A kwenda B, magunia 10 ya maharage yanagharimu magunia 10 ya mahindi, kwa kuwa mkulima anaanza kutoa vipande vinavyofaa zaidi maharage. Magunia 10 yanayofuata yanagharimu 20, kisha 30, mwisho 40, maana sasa anatoa ardhi iliyokuwa bora kwa mahindi. Kama ardhi yote ingefaa mazao yote mawili kwa kiwango kilekile, mstari ungenyooka.

Wanafunzi wengi hukosea hapa: wakiulizwa gharama ya kutoka B kwenda C, huandika 70, yaani mahindi yaliyobaki. Jibu ni 20, yaliyoachwa. Kwa kila gunia la maharage ni mahindi magunia mawili.

Nukta ya mahindi 40 na maharage 20 iko ndani ya mkunjo: kuna ardhi au nguvu kazi iliyolala. Kutoka hapo mkulima anaweza kufika D bila kupoteza hindi lolote, hivyo gharama ya fursa ni sifuri. Mahindi 90 na maharage 30 iko nje. Haifikiki msimu huu. Mbegu bora ya mahindi ikipatikana, ncha ya juu ya mkunjo hupanda, lakini ncha ya maharage hubaki pale pale kwenye 40. Kuusogeza mkunjo mzima ni kosa lingine la kawaida.

Mkunjo peke yake hausemi nukta ipi ichaguliwe; bei ndizo huamua. Gunia la maharage likiuzwa mara mbili na nusu ya bei ya gunia la mahindi, na gharama nyingine zisibadilike, inalipa kusonga hadi C. Kwenda D kungegharimu magunia matatu ya mahindi kwa kila gunia la maharage, zaidi ya bei yake.