Mtangulio, Si Ufichuzi

Katika orodha ya istilahi za ajira inayozunguka miongoni mwetu watafsiri nimekuta "ufichuzi wa maombi rudufu". Msomaji anajua kinachokusudiwa: mtafuta kazi anamweleza wakala wa ajira, kabla wasifukazi wake haujapelekwa, kwamba yeye mwenyewe alishamwandikia mwajiri huyo huyo. Ni jambo la sentensi moja, nayo kamati iliyoiandaa orodha imelivika joho la mahakama.

Tuanze na ufichuzi. Ficha huzaa fichua kama funga inavyozaa fungua, na ziba ikazaa zibua: kiambishi kile hutengua kitendo. Hakuna kufichua pasipo aliyeficha. Binti wa Ogembo aliyepeleka barua yake ya maombi mchana kweupe, akaandikiwa kwamba imepokelewa, ameficha nini? Hufichuliwa wizi, na wezi. Rudufu nalo husema juu ya nakala, ilhali hapa hakuna anayegombania nakala. Kinachogombaniwa ni nani alifika kwanza. Na maombi, kwa wengi wetu, yana kanisa ndani yake.

Mimi nimependekeza, na nitazidi kupendekeza, "tamko la mtangulio". Pangilia hutoa mpangilio, bila mtu kulalamika. Tangulia na itoe mtangulio. Utangulizi umeshachukuliwa na vitabu, na mtangulizi ni mtu. Kinachobaki wazi ni jina la hali yenyewe ya kuwa umetangulia, na lugha imetuachia mlango huo bila kufuli. Mgusii hahitaji hata kufafanuliwa, kwani kiongozi wake ni omotang'ani, mwenye kwenda mbele. Mwanazuoni mmoja alinijibu kwamba neno langu "halijazoeleka". Lake limezoeleka wapi, isipokuwa mezani pake? Barua yangu kwa kamati haijajibiwa mpaka leo. Nadhani nayo ilionekana rudufu.

Nani alitangulia si swali la adabu tu, ni la fedha. Chukua mfano wa kubuni. Mhasibu wa Ogembo anaomba kazi ya shilingi 80,000 kwa mwezi katika hospitali ya binafsi mjini Kisii, kwa barua pepe, tarehe 3 Machi. Tarehe 17 wakala wa Nairobi anampigia simu kuhusu "taasisi ya afya magharibi mwa nchi". Anafurahi, anatuma wasifukazi, haulizi. Tuseme mkataba wa wakala na hospitali unampa asilimia 15 ya mshahara wa mwaka iwapo mtu aliyemleta ataajiriwa: hiyo ni shilingi 144,000. Sasa hospitali ina mafaili mawili yenye nambari moja ya simu. Ikimwajiri, wakala atadai ujira wake. Ikikataa kulipa, atatoa barua pepe ya tarehe 17. Mara nyingi mwajiri hukwepa ugomvi kwa kumchukua mwombaji mwingine, na mhasibu wetu hataambiwa sababu.

Kosa lilikuwa kwenye ile "taasisi ya afya". Wakala huficha jina la mwajiri kwa hofu kwamba utamruka uende mwenyewe (huyo ndiye angestahili neno ufichuzi). Basi jina liulizwe kwanza, wasifukazi ufuate. Ukishalijua, tamko lenyewe ni fupi, na liandikwe, lisiachwe kwenye simu:

"Niliomba nafasi hii moja kwa moja kwa mwajiri tarehe 3 Machi na nina jibu la kupokelewa. Tafadhali usiwasilishe wasifukazi wangu kwake bila idhini yangu ya maandishi."

Idhini si maneno ya kujipamba: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayezishika taarifa zako awe na msingi halali wa kuzipitisha kwa mwingine. Ikiwa uliomba nafasi tofauti kwa mwajiri huyo, liseme pia, kwa kuwa baadhi ya mikataba huangalia mtu, si nafasi, na huhesabu miezi 6 au 12 tangu jina lilipoletwa. Ikiwa mawakala wawili wanataka kukupeleka kwa mwajiri mmoja, chagua mmoja, umwambie wa pili kwamba ametanguliwa. Na uhakikishe wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Hapo penye neno "ametanguliwa" pana hoja yangu yote. Jaribuni kumwambia wakala huyo wa pili kwamba amerudufiwa. Kamati na ifute ufichuzi katika orodha yake, na ikiwa haitaki mtangulio, ilete neno lililo bora zaidi, hadharani, tulipime.