Hali ya Pekee (MESI)

Hali ya Pekee (alama yake E) ni mojawapo ya hali nne za itifaki ya MESI, inayotunza upatano wa kache za prosesa zinazosikiliza njia moja ya data. Itifaki hiyo ilielezwa mwaka 1984 na Papamarcos na Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mstari wa kache ulio katika E haumo katika kache nyingine yoyote, na thamani yake ni sawa na ile ya kumbukumbu kuu.

Kwa mfano, prosesa A inataka kuongeza 1 kwenye x. Kwanza inatangaza ombi la kusoma. Kache nyingine zikisikia na hakuna yenye nakala, mstari unaingia katika E. Wakati wa kuandika, A hugeuza E kuwa M (Iliyobadilishwa) bila kutangaza lolote. Katika itifaki ya hali tatu, MSI, mstari ungeingia katika S (Shirikishi), na A ingelazimika kutangaza tena ili kubatilisha nakala ambazo hazipo. Hivyo matangazo 2 hupungua kuwa 1.

Prosesa B ikisoma x kabla ya A kuandika, nakala zote mbili huwa S na faida hiyo hupotea.