Kuku Katika Pembe ya Picha

Mnamo mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa Uingereza, jina lake John Wilson, alitoa habari ya sinema fupi iliyoonyeshwa kwa watu wa kijiji kimoja cha Afrika. Sinema ile ilitengenezwa na bwana afya, nayo ilichukua muda wa dakika tano hivi. Ilionyesha, polepole sana, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba: kukausha madimbwi, kuokota makopo matupu na kuyaweka mbali. Ilipokwisha, watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku.

Wenye sinema walistaajabu, kwa maana wao wenyewe hawakujua kwamba mlikuwa na kuku ndani yake. Wakaupitia utepe picha moja moja, na hakika wakamkuta. Kuku mmoja alishtuliwa akaruka, akapita pembe ya chini, upande wa kulia, kwa muda wa sekunde moja tu.

Kisa hiki kilienea sana, hasa baada ya kutajwa mwaka 1962 katika kitabu mashuhuri cha Marshall McLuhan, wa Kanada, na wengi walikitumia kuthibitisha kwamba Mwafrika wa shamba hajui kutazama picha. Mawazo hayo yalikuwako kabla yake. William Sellers, aliyekuwa mtu wa idara ya afya huko Naijeria, na ambaye baadaye alihudumu katika ofisi ya sinema za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba sinema za Waafrika ziende polepole, kamera isichezechezwe, na kila kisichohusika kiondolewe katika picha. Mimi naona kwamba kanuni ile ya mwisho ilikuwa njema, bali sababu yake ilikuwa mbovu. Jicho la mwanadamu, awe wa Sotik au wa London, hukimbilia kitu kinachokwenda kasi mahali ambapo vingine vyote vinakwenda taratibu. Mtu aliyekuwa akiokota kopo kwa utaratibu wa kuchosha alishindwa na kuku aliyeruka. Kosa halikuwa la watazamaji. Lilikuwa la mpangaji wa picha.

Nimeanza na kuku huyu kwa sababu anatuingiza vema katika sinema ya katuni, yaani ile inayofanywa kwa michoro. Katika sinema ya watu wenyewe kuku aweza kujipitia. Katika katuni hapana kitu kinachojipitia: kila jani na kila wingu limechorwa na mkono wa mtu. Basi mtazamaji wa katuni akiona kuku badala ya kopo, mchoraji hana wa kumsingizia.

Kwa hiyo katika karakana za katuni palitokea kazi maalumu kati ya mtungaji wa hadithi na wachoraji wa mwendo. Mtungaji hutoa picha ndogo ndogo zinazofuatana, zikionyesha hadithi kwa kifupi. Kisha mwenye kazi hiyo huchukua kila picha ndogo na kuifanya ramani ya onyesho. Hapo huamua kamera isimame wapi, iwe juu au chini, ardhi ikutane na mbingu mstari gani, mhusika aanzie wapi na aishie wapi, na nafasi gani iachwe tupu. Wachoraji wa mwendo hawaanzi kazi kabla ya ramani hiyo, kwa maana sekunde moja ya sinema ina picha 24, na kuzifuta zote kwa sababu mkono wa mhusika haukuonekana ni hasara kubwa.

Kipimo cha zamani cha ramani njema ni kumpaka mhusika weusi mtupu, asibaki na macho wala vifungo vya shati, kisha kumwuliza mtu mwingine: huyu anafanya nini? Asili ya kipimo hiki inaeleweka tukikumbuka sinema za mwanzo. Huko Ujerumani, mwaka 1926, Lotte Reiniger alimaliza sinema ndefu ya Mwana wa Mfalme Ahmed, aliyoitoa katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Aliwakata watu wake katika karatasi nyeusi ngumu, akaviunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na kamera ikatazama kutoka juu. Mtu mweusi pi hana uso wa kucheka wala kulia. Kama mkono wake umelala juu ya kifua, mkono haupo. Hauna budi kutoka nje ya mwili ndipo uonekane. Kwa Reiniger kipimo cha weusi hakikuwa zoezi, ndiyo sinema yenyewe.

Kule Amerika, Walt Disney na wenzake walikutana na taabu hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mickey Mouse alipotokea mwaka 1928 alikuwa na mwili mweusi na mikono myeusi. Akiweka mkono mbele ya tumbo, unapotea kama paka mweusi usiku. Mwaka 1929 alivikwa glavu nyeupe, nazo hajazivua hata leo. Glavu zilisaidia, lakini wachoraji walikuwa wamekwisha kuzoea kuweka kila tendo ubavuni, penye nafasi wazi, na desturi hiyo ilibaki hata rangi zilipokuja. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi huko miaka mingi, waliiandika miongoni mwa kanuni zao katika kitabu cha mwaka 1981.

Sasa tujaribu kupanga onyesho moja sisi wenyewe. Nachagua hadithi ya Sungura na Tembo, ambayo Wamasai walimsimulia A. C. Hollis, naye akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1905. Sungura aomba kuvushwa mto juu ya mgongo wa Tembo aliyebeba mfuko wa asali. Njiani aila asali kwa siri. Tone likimwangukia Tembo, Sungura asema ni machozi yake. Tendo kuu ni lipi? Si kuvuka mto. Ni wizi unaofanyika juu ya mwenye mali asiyejua. Kwa hiyo picha yatakiwa kuonyesha mambo mawili pamoja: mkono uibao, na uso usiojua.

Wanafunzi wangu hapa Kaplong, nikiwapa zoezi hili, wengi huanza kwa kuweka kamera mbali ukingoni. Huchora mto mzima, miti, ndege na vilima vya majani ya chai kama wavionavyo dirishani. Tembo huwa mdogo, Sungura hupungua akawa kama karanga, na asali haionekani kabisa. Kila kitu kimo, wala hapana kinachosomeka. Wengine huona hivyo wakaisogeza kamera karibu, mbele ya Tembo. Uso wa Tembo waonekana vizuri, lakini masikio yake yamekuwa milango miwili iliyofungwa, na mwizi yuko nyuma yake.

Weka basi kamera ubavuni, Tembo akienda kutoka kushoto kwenda kulia. Uso wake watazama kulia. Mketishe Sungura akitazama nyuma, kushoto, na mfuko uwe kwenye matako ya Tembo. Nyuso mbili zimepeana kisogo, na siri imekwisha kuelezwa hata kabla ya mtu kusogea. Kisha teremsha kamera mpaka karibu na maji. Mstari wa ng'ambo hushuka nyuma ya tumbo la Tembo, na mgongo wake wasimama juu ya mbingu tupu. Sungura, mkono wake na mdomo wa mfuko vyote vina mbingu nyuma yavyo. Mtu aliyepata kumtazama mchuma chai juu ya ukingo wa kilima ameona jambo hili: akiwa katikati ya majani humtambui, ila akifika juu, penye anga, waona hata vidole vikichuma. Mbele ya mkonga acha nafasi tupu, kiasi cha robo ya upana wa picha, ili Tembo awe na mahali pa kwenda. Paka wote weusi. Utaona kilima chenye mkonga, na juu yake masikio mawili, mkono na mfuko. Inasomeka.

Bado kuku wetu aweza kurudi. Tembo akipapasa kina cha maji kwa mkonga wakati Sungura analamba asali, jicho la mtazamaji hugawanyika, na kwa kuwa mkonga ni mkubwa, utashinda. Kwa hiyo hatua za Tembo ziende sawasawa, mkonga utulie. Mkono wa Sungura utoke mfukoni, ukae hewani picha 12 hivi, yaani nusu sekunde, kisha uingie kinywani. Ndipo Tembo apewe zamu yake ya kuuliza, na Sungura aduwae kimya, shavu limejaa.

Tukitaka kulionyesha tone, hapana budi kamera ije karibu, maana tone ni dogo. Hapo wengi hukosea. Huihamisha kamera upande wa pili wa Tembo, na kwa ghafula Tembo anakwenda kushoto, kana kwamba amegeuka kurudi alikotoka. Kamera yaweza kukaribia, kupanda na kushuka ipendavyo, mradi isivuke ule mstari wa safari ya Tembo.

Liko pia jambo la mapambo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanganyika na kufa mwaka 1972, alianza uchoraji Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, juu ya mbao laini, kwa rangi za kupakia baiskeli. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja mkubwa, ubavuni, na nyuma yake rangi moja. Waliomfuata walijaza kila nafasi kwa maua, ndege na madoa. Ukutani madoa hayo hupendeza. Lakini mtindo huo ulipofanywa katuni ya televisheni, *Tinga Tinga Tales*, iliyotengenezwa Nairobi katika karakana ya Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya London na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010 katika hadithi 52, taabu ilikuwa dhahiri kwa yeyote ajuaye kazi hii. Chui mwenye madoa mbele ya kichaka chenye madoa hupotea. Madoa ya mhusika yakibaki, ya nyuma yake hayana budi kufifia au kusogezwa pembeni, na katikati pawe kama alivyopaacha Tingatinga mwenyewe.

Kipimo cha weusi nacho kina mpaka wake. Baadaye katika hadithi Sungura aomba mawe, asema ni ya kuwatupia ndege, naye ayajaza mfukoni mahali pa asali. Mawe yakiingia, twahitaji kuyaona wazi. Lakini Tembo afikapo ng'ambo na Sungura kushuka, mfuko uwe na umbo lile lile uliokuwa nalo mwanzo, mahali pale pale pa picha, juu ya mbingu ile ile, na kwa muda wa sekunde mbili kitu kingine chochote kisisogee.