«Bado», «chenga» na «tutaangalia» katika ujumbe kwa msomaji mgeni

Neno bado humpotosha zaidi msomaji aliyejifunza Kiswahili ukubwani, kwa kuwa maana yake hutegemea kitenzi kinachofuata. Bado inafanya kazi humaanisha kwamba kazi inaendelea. Bado haijafanya kazi humaanisha kwamba haijaanza. Kitenzi kikidondoshwa, mzawa husikia ukanushi, ilhali mgeni huweza kusikia kinyume chake.

Tuchukue mfano wa karakana ya Ngokolo, mjini Shinyanga, inayomwandikia mhandisi mgeni katika mgodi mmoja wa ukanda wa dhahabu wa Geita, kuhusu pampu ya kutoa maji shimoni:

«Habari za kazi, mhandisi. Pampu bado kidogo. Fundi katupiga chenga, ila tutaangalia kesho saa mbili.»

Kwa mwenyeji, ujumbe huo hauna utata. Mgeni anaweza kuelewa kwamba pampu bado inafanya kazi kidogo, na kwa imani hiyo akaruhusu watu washuke shimoni. Bado kidogo kwa kawaida husema kwamba jambo linakaribia kukamilika; hapa limetumika kupunguza makali ya habari mbaya. Kupiga chenga ni nahau iliyotoka katika kandanda, yenye maana ya kukwepa. Anayelifahamu piga kwa maana yake ya kwanza tu atadhani fundi amempiga mtu. Na saa mbili, kwa asiyezoea kuhesabu saa tangu macheo, ni saa nane mchana, au hata usiku wa manane.

Tutaangalia ndilo gumu kuliko yote, maana halina kosa la kisarufi. Kamusi itampa mgeni «kutazama» au «kukagua», naye atasubiri ukaguzi. Mwandishi, hata hivyo, huenda alikusudia kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Dokezo la namna hii halifafanuliki kwa kubadili neno moja. Sharti mwandishi aamue kwanza iwapo anaahidi au anakataa.

Ujumbe huohuo waweza kuandikwa hivi:

«Habari za kazi, mhandisi. Pampu haijatengenezwa na haifanyi kazi. Fundi hakufika leo, Jumanne. Ameahidi kuja kesho, Jumatano, saa 2:00 asubuhi (08:00). Hatuwezi kuahidi kwamba itakamilika kesho.»

Kiambishi -ja- katika haijatengenezwa kinabeba kazi yote ya bado, na hakina tafsiri ya pili. Jina la siku limewekwa kando ya kesho kwa sababu ujumbe unaweza kusomwa siku inayofuata. Salamu imebaki: haileti utata, na kuiondoa kungefanya ukavu wa sentensi zilizobaki usomeke kama hasira. Vivyo hivyo, kwa fundi mwenzake wa Shinyanga, mwandishi hana sababu ya kuacha chenga.