Nyuzi nyeupe ndani ya yai: ni nini, na je, ziondolewe?

Anayevunja yai katika sahani huona kando ya kiini vipande viwili vyeupe vizito, vilivyosokotwa mithili ya kamba. Wapo wanaodhani kuwa ni mwanzo wa kifaranga, au alama ya jogoo, au ugonjwa wa kuku, na hivyo huviondoa kwa ncha ya kijiko kabla ya kupika. Dhana hizo zote si sahihi.

Nyuzi hizo ni sehemu ya ute wenyewe, nazo zimeundwa kwa protini. Yai hukaa takriban saa 25 katika mrija wa kutagia, na kadiri linavyoshuka hujizungusha polepole. Mzunguko huo ndio unaozisokota nyuzi, upande mmja kinyume cha upande wa pili. Kazi yake ni kukishikilia kiini katikati, kisigusane na ganda. Kwa hiyo hupatikana hata katika yai la mtetea asiyewahi kukutana na jogoo. Mahali ambapo kifaranga huanzia ni kidoa kidogo cheupe kilicho juu ya kiini, wala si katika nyuzi.

Nyuzi hizo pia humsaidia mnunuzi. Tuchukue mayai mawili yaliyonunuliwa Muhokya, katika barabara ya kutoka Kasese kwenda Bwera: moja limetagwa jana, jingine limekaa wiki mbili katika duka lenye joto. La kwanza likivunjwa, kiini huinuka, ute mzito hukizunguka, na nyuzi huonekana wazi. La pili hutandazika sahanini, na nyuzi zake ni hafifu. Sababu ni kwamba hewa ya kaboni hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute ukabadilika na kuwa mwepesi, nazo nyuzi zikalegea. Joto huharakisha mabadiliko hayo. Hata hivyo, yai lenye nyuzi hafifu si lazima liwe limeoza. Lililooza hujulikana kwa harufu yake mara tu livunjwapo.

Basi, ziondolewe? Hakuna haja. Zinalika salama kama ute mwingine. Mpishi wa roleksi anapoyapiga mayai pamoja na kitunguu na nyanya, nyuzi hukatika, na zikipata moto hugeuka kuwa vipande vyeupe visivyo na ladha ya pekee. Zinapoachwa katika yai la kukaanga, huonekana tu kama sehemu iliyo ngumu kidogo.

Penye haja ya ulaini mtupu, kama katika kastadi ya maziwa, mchanganyiko hupitishwa katika chujio jembamba kabla ya kuwekwa motoni. Hilo hufanywa kwa ajili ya ulaini, si usalama. Kuziondoa nyuzi hakuondoi vijidudu. Kinachoviua ni kulipika yai hadi ute na kiini vyote viwili vigande.