Hisa za Upendeleo na Bei ya Gawio Lisilo na Ukomo

Kakamega ukitaja hisa, wengi hukumbuka Mumias. Kampuni hiyo ya sukari iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001; Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, ikaiweka chini ya meneja mrasimu. Mdai alikuwa na mkataba wa kumtetea. Mwenye hisa za kawaida alibaki na haki juu ya masalio tu, wadai wakishalipwa. Kati ya hawa wawili hukaa mwenye hisa za upendeleo, na katika soko hilohilo anapatikana Kenya Power.

Kampuni hiyo ya umeme ina hisa za upendeleo za asilimia 4 na za asilimia 7, kila moja ikiwa na thamani ya msingi ya shilingi 20. Gawio la mwaka ni senti 80 kwa ya kwanza na shilingi 1.40 kwa ya pili. Kiasi hicho hakikui faida ikinona, wala hakina tarehe ya kukoma. Ndiyo maana thamani yake hupatikana kwa kugawa tu:

P = D / r

D ni gawio, r ni kiwango cha faida anachodai mwekezaji. Akidai asilimia 16, hisa ya asilimia 4 ina thamani ya shilingi 5. Akiridhika na asilimia 10, inafika shilingi 8. Shilingi 20 iliyoandikwa kwenye cheti haiamui bei. Hati fungani ingerudisha mtaji siku ya kuiva, na ahadi hiyo huizuia bei yake isianguke mno riba zikipanda. Hisa hii haina kinga hiyo.

Inapotofautiana na deni zaidi ni pale kampuni inapoishiwa fedha. Riba isipolipwa, mdai aweza kwenda mahakamani. Gawio la upendeleo laweza kuahirishwa, na hapo neno "limbikizi" ndilo lenye uzito. Tuchukue, kwa mfano, kwamba gawio la miaka 3 limecheleweshwa, kisha likalipwa lote mwishoni mwa mwaka wa tatu bila riba. Kwa r ya asilimia 16, shilingi 2.40 za siku hiyo zina thamani ya takriban 1.54 leo, badala ya 1.80 kama zingelipwa kila mwaka. Hasara ni senti 26 katika shilingi 5. Hisa isiyo limbikizi ingepoteza shilingi 1.80 nzima. Kwa maoni yangu, mnunuzi asome kifungu hicho kabla ya kutazama asilimia ya gawio.

Katika miaka ambayo Kenya Power haikuwapa wenye hisa za kawaida gawio lolote, wenye hisa hizo za kawaida hawakuwa na limbikizo la kudai baadaye. Lakini faida ikirejea, ni wao pekee ambao gawio lao laweza kuongezeka.

Kanuni ya kugawa D kwa r ina mpaka wake pia. Hisa hizi huuzwa kwa nadra, hivyo bei iliyo ubaoni yaweza kuwa ya muamala wa zamani, na r inayokokotolewa kutokana nayo ni ya siku ile, si ya leo.